Mwenye Nyumba Amefariki: Kodi Apewe Nani?

Ametufikia mpangaji mmoja wa jijini Dar es Salaam akiwa na hofu. Mwenye nyumba wake alifariki mwishoni mwa Aprili, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Ya Machi na Aprili hakuwa ameilipa, na sasa mtoto wa kiume anadai zote hadi Juni, mkononi, bila stakabadhi.

Tulimweleza kwamba fedha hizo ni za aina mbili. Shilingi 300,000 za Machi na Aprili ni deni la marehemu. Zinaingia katika tirka, na humo hutolewa kwanza gharama za maziko, madeni na wasia. Shilingi 300,000 za Mei na Juni ni pato la nyumba ambayo tayari ni ya warithi. Ikiwa nyumba haidaiwi na hakuna warithi wengine, mke ana thumuni, yaani 37,500. Mtoto wa kiume ana 131,250. Na kila binti 65,625. Basi akimkabidhi kijana huyo zote, 168,750 za miezi hiyo miwili ni haki ya wengine, nao wanaweza kuja kumdai.

Tukamshauri aandike barua kwa familia nzima, si kwa mtu mmoja, naye akaandika hivi baada ya kutoa rambirambi:

“Mimi ni mpangaji wa chumba cha uani. Nadaiwa kodi ya Machi na Aprili, kabla ya msiba, na ya Mei na Juni, baada yake. Fedha zote nimezitenga. Naomba kujulishwa ni nani msimamizi wa mirathi, nipatiwe nakala ya uteuzi wake wa mahakama, na nielekezwe pa kulipa kwa stakabadhi. Hadi hapo, naomba mniwie radhi kwa kutomlipa mmoja wenu peke yake.”

Barua aliipeleka kwa ami wa marehemu, ili mjane aliye edani asisumbuliwe, na nakala akabaki nayo ikiwa na saini ya aliyeipokea.

Wasomaji wetu wazingatie jambo moja. Aliyependekezwa na kikao cha ukoo bado si msimamizi. Huwa msimamizi pale mahakama inapomteua, na wengi wetu huipata barua hiyo Mahakama ya Mwanzo. Ikiwa uteuzi unachelewa, warithi wote waliofikia utu uzima waweza kumwandikia mpangaji na kutia saini kwamba fulani apokee kwa niaba yao. Lakini akiwapo mtoto mdogo, saini za wakubwa haziondoi haki yake; hapo ni salama zaidi kumsubiri msimamizi.

Na mpangaji naye asiugeuze msiba kuwa msamaha wa kodi. Fedha aliyoitenga ni amana, siku ya kuulizwa iwepo.

Wallahu aalam.