Wahusika Wengi si Sauti Nyingi

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akitakiwa kuandika insha ya uhakiki kuhusu polifonia, yaani wingi wa sauti katika riwaya, huanza kwa kuhesabu wahusika. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo. Riwaya yaweza kuwa na wahusika hamsini na bado ikawa na sauti moja tu, ya mwandishi, iliyovishwa kanzu hamsini.

Mikhail Bakhtin, aliyeifafanua dhana hii mwaka 1929 katika kitabu chake juu ya Dostoevsky, alidai jambo gumu zaidi: mhusika awe na mtazamo wake kamili wa dunia, unaosimama mbele ya ule wa mwandishi bila kumezwa nao.

Chukua Ndugu Karamazov. Dostoevsky alikuwa Mkristo, lakini hoja kali kuliko zote dhidi ya mpango wa Mungu alimpa Ivan asiyekubali mpango huo. Mkahawani, Ivan anamsimulia mdogo wake Alyosha, kijana wa monasteri, kisa cha jenerali aliyewaachia mbwa wake wamrarue mtoto mbele ya macho ya mama yake. Afanywe nini jenerali huyo? Apigwe risasi? Alyosha, kwa sauti ya chini, anajibu kwamba apigwe.

Hapo ndipo insha ikae. Jibu hilo limetoka kinywani mwa mcha Mungu, ilhali ni neno la Ivan. Sauti mbili zinagombana ndani ya mtu mmoja, tena katika tamko moja, na msimulizi haingilii kutuamulia. Mwanafunzi akilinukuu tukio hili na kuonyesha neno la nani limeingia katika kinywa cha nani, amethibitisha polifonia kuliko angejaza kurasa tatu za majina.

Mtahini mkali atauliza: mbona Ivan anaishia kuugua akili, na Smerdyakov, aliyejifunza kwake kwamba kila kitu ni halali, anaua? Je, huo si uamuzi wa mwandishi? Pingamizi hili ni la haki, na insha isiyoligusa nisingeipa alama za juu. Mimi naona msuko umemwadhibu Ivan, lakini haukumjibu. Dostoevsky mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1879 kwamba alihofu kama jibu lake lingetosha, kwa kuwa halikufuata hoja za Ivan moja moja. Aliliweka katika maisha na mafundisho ya mzee Zosima, yaani katika sauti nyingine. Anayeshikilia kwamba ugonjwa wa Ivan umefunga mjadala, basi atuonyeshe ni ukurasa gani unaoyajibu machozi ya yule mtoto.