UKIAMBIWA "KARIBU" SIYO LAZIMA UVUTE KITI!

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu tangu juzi, ya dada mmoja staa wa filamu. Jina silitaji, wenye macho mmeshamjua. Kakaa zake kwa mama ntilie maeneo ya Sinza, anakula wali samaki na maharage, hana habari na mtu. Anatokea kijana, simu inarekodi, anamsalimia na kumpa mkono. Dada vidole vina mafuta, kwa hiyo anamnyooshea kifundo cha mkono, anatabasamu, anasema "karibu". Kijana anavuta kiti! Anaagiza wali kuku na soda. Dakika mbili tatu wanaongezeka washkaji zake wawili, nao wanaagiza. Dada anamaliza, analipa sahani yake, anaaga, anasepa. Bili ya watatu inabaki mezani, na klipu inapostiwa na maneno kwamba staa ana roho mbaya, anakaribisha watu halafu anakimbia.

Komenti ndiyo zimenichosha. Eti mnafiki. Eti kama hutaki kulipa usiseme karibu. Halafu mtangazaji mmoja wa redio, naye simtaji, akadakia kwamba hii "karibu" ya kwenye chakula ni unafiki wa kizamani, tuiache, kila mtu ale chake kimya kimya kama Wazungu.

Leo naomba tugombane kidogo, maana hapo mmekosea wote. Aliyevunja adabu kwenye ile klipu ni kijana, siyo dada. Na huyo mtangazaji anataka kututupia kitu ambacho hajui kinafanya kazi gani.

Tuanze na ile "karibu" yenyewe. Mtu anakula, wewe unapita. Unamsalimia kwa kifupi, siyo unasimama kichwani kwake na kuanza habari za nyumbani, za kazini na za mechi ya jana huku mwenzio tonge liko mdomoni. Kama ni mkono, yeye ndiye ataamua akupe nini. Wa kifundo ni salamu kamili, usinune. Anakwambia "karibu", au "karibu tule", na wengine hasa huku Pwani atasema "bismillah". Wewe unajibu "asante, starehe", au "asante, endelea", au "asante, nimetoka kula sasa hivi". Imeisha hiyo. Kila mtu kafanya sehemu yake na hakuna anayemdai mwenzie.

Sasa kuna "karibu" ya pili, na hii ndiyo vijana wa mjini wamepoteza masikio ya kuisikia. Umeshajibu asante, lakini mwenzio hajaridhika. Anarudia: "Aa, njoo bwana, huwezi kupita hivi hivi." Na safari hii mwili wake unafanya kitu. Anasogea kukupa nafasi. Anaita mtu alete maji ya kunawa. Anasukuma sahani ije katikati, au anaagiza sahani nyingine kwa mdomo wake yeye. Hapo umekaribishwa kweli, na hapo ukizidi kukataa ndiyo unaonekana una maringo au unamdhania vibaya. Unanawa, unakaa, unaonja hata tonge mbili. Unakula upande wako, hurukii kipande cha nyama kana kwamba ulikifuata hicho, kisha unashukuru.

Kwa hiyo ukitaka kujua umeambiwa "karibu" ipi, usisikilize mdomo tu, angalia mikono na kiti. Yule dada alisogea? Hakusogea. Aliita maji? Hakuita. Alimwagizia mtu? Hakuagiza. Alisema mara moja akaendelea na samaki wake. Ile ilikuwa salamu, na jibu lake lilikuwa "asante dada, starehe", kisha kijana aende zake. Tena hata angekaribishwa kweli, aliyealikwa ni yeye. Wale washkaji wawili wamekaribishwa na nani? Toka lini mgeni akagawa kadi za mwaliko?

Najua mtakuja na hoja: "Sasa kama hamaanishi, kwa nini aseme? Si uongo huo?" Nawauliza nyie nyie. Mkipika pilau Jumapili, mnapiga picha, mnaposti Instagram mnaandika "karibuni". Watu elfu mbili wanapita hapo. Wanaandika "asante", "tunakula kwa macho", "niachie ukoko". Kuna hata mmoja aliyekuja getini na sahani? Kuna aliyeandika kwamba wewe ni mnafiki kwa sababu hukumtumia nauli? Hakuna. Maana yake mnaijua lugha hii vizuri sana. Ila mkimwona staa mnajisahaulisha, kwa sababu mnaamini hela yake ni ya umma.

Lakini nisiishie kumtetea staa, yeye ana hela zake na kesho ataingia kwenye bifu lingine. Ninaowaza ni watu wengine kabisa, ndiyo maana hoja ya yule mtangazaji imeniuma zaidi.

Fikiria fundi msaidizi kwenye saiti. Saa saba mchana wenzake wamekaa kivulini na ugali wao. Yeye jana hakulipwa, na tangu asubuhi ana kikombe cha chai tupu tumboni. Atafanyaje? Kuomba chakula ni aibu, mtu mzima anaweza kulala njaa kuliko kutamka "nisaidieni tonge". Anapita, anasalimia: "Wakubwa, salama?" Wanajibu: "Salama, karibu." Anasema "asanteni, endeleeni", lakini anasema taratibu, na hatua zake zinapungua. Mwenye akili pale anaona. Anarudia: "Njoo bwana, ugali ni mwingi huu", anasogea, na jagi la maji linapita. Jamaa kanawa, kala, hajaomba chochote kwa mtu. Kesho anafika kazini kichwa juu, hakuna wa kumwambia "si nilikulisha jana".

Umeona kazi ya ile "karibu"? Inampa mwenye njaa mlango ambao hajabisha yeye. Na lile jibu la "asante, nimeshakula" linamlinda yule mwenye chakula. Maana kuna mwingine anakula ugali na mboga ya majani ya kumtosha yeye tu, labda ndiyo mlo wake pekee wa siku. Akikwambia "karibu" na wewe ukakaa, umemmaliza. Hawezi kusema "kaka, hakitoshi", atavunjika heshima. Kwa hiyo wewe unasema umeshiba hata kama hujashiba, na heshima yake inabaki. Mnaita uongo, mimi naita kumsitiri mtu.

Ukiondoa nusu moja tu, mambo yote yanaharibika. Tukiacha kusema "karibu", mwenye njaa inabidi aombe. Tukiacha kujibu "asante, starehe", mwenye kidogo inabidi ajifiche. Na tayari watu wameanza kujificha! Nenda maofisini uone: mtu anafungua hotipoti yake amegeukia ukutani, au anakula ndani ya gari vioo juu. Siyo wachoyo wote. Wengi wanaogopa kusema "karibu" kwa sababu wameshakutana na watu wa aina ya yule kijana.

Kuna jambo moja nakubali limebadilika, na lazima tuliseme. Hii desturi ilikua kwenye chakula cha pamoja. Wali uko kwenye sinia moja, ugali kwenye sahani moja, mchuzi bakuli moja. Akiongezeka mtu, waliokaa wanabana mabega tu, mkono mmoja zaidi hauhitaji sahani wala hesabu. Nani alikula tonge saba na nani tano, hakuna anayejua. Kumkaribisha mtu kulikuwa hakuna bei inayoonekana.

Leo unakula chipsi mayai kwenye kisahani chako na kijiti chako, na bei imeandikwa ukutani. Akikaa mtu wa pili, kuna sahani ya pili na bili ya pili. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na hapo ndipo yule kijana alipojificha. Alichukua neno la kwenye sinia akalipeleka kwenye bili.

Mimi nasema hivi: sehemu ya kununua chakula, "karibu" haivuki ukingo wa sahani ya aliyeisema. Amekukaribisha kwenye kile kilicho mbele yake. Ukichukua chipsi mbili ukasema asante, sawa kabisa. Akitaka kukulipia, atasema mwenyewe kwa maneno mengine: "agiza nalipa mimi", au atamwita mhudumu. Kama hajasema hivyo na wewe umeagiza, umejiagizia mwenyewe. Lipa.

Na kwa nyie mnaokula, msidhani nawaacha. Wapo mastaa, na wasio mastaa pia, wanaosema "karibu" huku mkono umeshafunika sahani na macho yako kwenye simu. Hiyo nayo ni mbovu. Kama unaisema, mwangalie mtu usoni, halafu msikilize anavyojibu. Ukisikia "asante" ya mtu anayepita na safari zake, mwache apite. Ukisikia "asante" ya mtu ambaye miguu haiondoki, rudia mara ya pili na usogee. Huo ndiyo mtihani wa roho yako, na hapo kamera huwa haipo. Staa akimwita mtoto wa mtaani mbele ya mapaparazi, hiyo ni kiki. Lakini fundi anayemsogezea jagi mwenzake bila kuuliza kwa nini hana hela, huyo ndiye ninayempa heshima.

Kuhusu kurekodi mtu anakula, hata sitaki kuongea sana. Mtu mdomo umejaa, mchuzi kidevuni, wewe unamsogezea kamera unasema unamsalimia. Salamu gani hiyo? Kama unamheshimu, mpungie mkono kwa mbali, msubiri anawe, kisha uombe picha yako.

Kwa hiyo mtangazaji wetu, hiyo ya kula kimya kimya kaa nayo mwenyewe. Na kijana, jifunze maneno mawili tu: "Asante, starehe." Hayana bei, na yangekuokolea bili ya sahani tatu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ukikaribishwa na mtu usiyemjua, unajibuje? Na umeshawahi kukaribisha mtu akakaa kweli? Dondosha komenti hapo chini, matusi acha nyumbani.