Mbio za Watoto Wetu: Wastani wa Darasa Usitudanganye

Siku hizi shule nyingi za huku kwetu Shinyanga na Geita zina walau kompyuta moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu wa michezo asiye na kompyuta huwa na simu inayoweza kazi hiyo hiyo. Ndani yake mna lahajedwali, yaani jedwali lenye mistari na safu ambalo hupiga hesabu lenyewe. Wengine wanatumia Excel, wengine LibreOffice Calc isiyolipiwa. Mwanzoni mwa muhula watoto wanakimbizwa, matokeo yanaingizwa. Mwishoni wanakimbizwa tena. Kisha katika kikao cha wazazi inasomwa namba moja: wastani wa darasa umepanda, au umeshuka. Wazazi wanapiga makofi au wanaguna, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba namba hiyo moja haitufai, na katika ukanda huu wa machimbo inaweza kutupotosha kabisa. Kinachotufaa sisi wazazi ni kumlinganisha kila mtoto na yeye mwenyewe.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kipimo rahisi kisichohitaji chombo cha gharama ni kile cha daktari Mmarekani Kenneth Cooper, alichokitangaza mwaka 1968: mtu anakimbia, au anatembea akichoka, kwa dakika 12, na unaandika amekwenda mita ngapi. Uwanjani pigilieni vigingi vinne, mita 50 kutoka kigingi hadi kigingi, ili mzunguko mmoja uwe mita 200. (Kona zikiwa zimepinda kidogo si neno, mradi kila upande uwe mita 50 kamili.) Kila mkimbiaji ana mwenzake aliyeketi penye mstari wa kuanzia, ambaye anachora kijiti kwenye karatasi kila mzunguko unapotimia. Filimbi ya mwisho ikilia, mkimbiaji anasimama alipo, na zinahesabiwa kona alizovuka baada ya mzunguko wa mwisho. Hizo haziwezi kuzidi 3. Ukiona mtu ameandika 4, ujue huo ni mzunguko mzima ambao haukuchorwa.

Mbio zifanyike saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali, na mwezi Juni zifanyike saa ile ile, kwenye uwanja ule ule, kwa vigingi vilivyopimwa upya. Mtoto aliyekimbia pekupeku Januari akimbie pekupeku Juni. Mwenye homa siku hiyo asikimbie. Mwenye selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa tunao sana, au mwenye pumu, asikimbie bila ruhusa ya mganga wake. Wote hao nafasi zao katika jedwali zibaki tupu.

Hizo nafasi tupu ndizo chanzo cha makosa mengi. Tuseme safu ya A ni namba ya mtoto, B ni mizunguko ya Januari, C ni kona za Januari, na D ni mita. Mwalimu akiandika tu `=B2*200+C2*50`, mtoto ambaye hakuwepo atapewa mita 0, na sifuri hiyo itaingia katika wastani kana kwamba mtoto alisimama uwanjani dakika 12 bila kuinua mguu. Ukiona wastani umeporomoka ghafla, tafuta sifuri kwanza. Dawa yake ni kuiambia kompyuta kwamba pasipo na kitu paachwe patupu. Juni inakaa hivyo hivyo katika E, F na G, na H inabeba tofauti:

```
D2: =IF(B2="","",B2*200+C2*50)
G2: =IF(E2="","",E2*200+F2*50)
H2: =IF(OR(D2="",G2=""),"",G2-D2)
```

Fomula hizo zinaandikwa mara moja mstari wa 2, kisha zinanakiliwa kushuka chini hadi mtoto wa mwisho.

Sasa tuchukue mfano nilioutunga wa watoto 7 tu, ili kila mtu aweze kufuata kwa kalamu.

| Mtoto | Mita Januari | Mita Juni | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 1800 | 1900 | 100 |
| 2 | 1600 | 1700 | 100 |
| 3 | 2000 | | |
| 4 | 1400 | 1450 | 50 |
| 5 | 1900 | 1700 | -200 |
| 6 | 1500 | 1600 | 100 |
| 7 | | 1300 | |

Januari walikimbia watoto 6, na wastani wao ni mita 1700. Juni pia walikimbia 6, na wastani ni mita 1608. Kikaoni itasomwa kwamba darasa limeshuka kwa mita 92, na pengine mwalimu wa michezo atalaumiwa. Lakini tazama vizuri: kati ya watoto 5 waliopimwa mara zote mbili, wanne wamepanda. Kilichoshusha wastani ni kwamba mtoto wa 3, aliyekuwa wa kwanza kwa mbio, hayupo tena, na wa 7 amehamia na hana mbio nyingi.

Huku kwetu jambo hili si la bahati mbaya. Yakivumbuliwa machimbo mapya, familia zinahama katikati ya muhula, nyingine zinahamia. Na kijana wa miaka 13 au 14 mwenye miguu na mapafu ndiye anayeanza kuonekana mashimoni akibeba mifuko ya mawe wakati wenzake wako darasani. Kwa hiyo wanaopungua darasani mara nyingi si watoto wa aina yoyote tu. Wenye nguvu wanatangulia. Wastani wa waliohudhuria unaweza kushuka kila mwaka bila mtoto hata mmoja kudhoofika. (Kuhusu mtoto wa 3 mwenyewe, swali la kuuliza ni la mahudhurio, na linatakiwa liulizwe mapema kuliko Juni.)

Basi tukae kwenye safu ya H. Hata hapo wastani hautoshi: 100, 100, 50, -200 na 100 zinatoa wastani wa mita 30, namba isiyomhusu mtoto yeyote kati yao. Afadhali kuzipanga kwa ukubwa na kuchukua iliyo katikati, ambayo ni 100. Kompyuta inaifanya kwa `=MEDIAN(H2:H8)`, nayo inaziruka nafasi tupu.

Lakini je, hizo mita 100 ni mafanikio ya mazoezi? Tusiharakishe. Kati ya Januari na Juni mtoto amerefuka. Amekwisha kujifunza kwamba akianza kwa kasi kubwa atakwisha pumzi mapema. Asubuhi ya Juni ina ubaridi kuliko ya Januari. Pengine na dawa za minyoo na kichocho ziligawiwa shuleni katikati. Yote hayo yamechanganyika katika ile 100, na jedwali haliwezi kuyatenganisha.

Waliowahi kuyatenganisha walifanya hivyo pwani ya Kenya. Mwaka 1990 Michael Latham, aliyekuwa daktari Tanganyika kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Lani Stephenson na wenzao, walichapisha matokeo ya wavulana wa shule wenye kichocho na safura. Waliwapima kwa kipimo cha kupanda na kushuka ngazi, wakawapa baadhi dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, wakawapima tena baada ya wiki chache. Waliotibiwa waliongezeka nguvu na hata hamu ya kula. Bila lile kundi la vidonge vitupu wasingejua kama ni dawa au ni mazoea ya kupanda ngazi.

Shuleni hatuwezi kumnyima mtoto dawa ili tupate kulinganisha, wala haifai. Ila tunalo kundi la kulinganisha bila kutafuta: wenzake wa darasa hilo hilo, waliokua miezi ile ile na kukimbia asubuhi ile ile. Ongeza safu ya I:

```
I2: =IF(H2="","",H2-MEDIAN(H$2:H$8))
```

Zile alama za `$` zinaizuia kompyuta isisogeze orodha unaponakili fomula kwenda chini. Matokeo yake: mtoto wa 4 anapata -50, ambayo ni kona moja tu, na kwa kuwa kipimo chetu hakioni chini ya kona moja, hiyo iachwe. Mtoto wa 5 anapata -300. Wenzake wamepanda yeye ameshuka.

Hapa ndipo nawaomba walimu wawe na macho ya fundi. Mita 200 alizopungua ni mzunguko mmoja kamili, na mzunguko mmoja ndio kosa la kawaida la yule mwenzake mwenye kalamu, akigeuka kuzungumza. Kwa hiyo asitangazwe wala asitishwe. Arudie wiki ile ile, mtu mzima akihesabu. Akipata 1950, kosa lilikuwa la karatasi. Akipata tena 1700 au karibu na hapo, mzazi aitwe kwa faragha, apewe kijikaratasi chenye tarehe mbili na mita mbili, aende nacho zahanati au hospitali.

Kijikaratasi hicho kina thamani, maana mtoto aliyepungukiwa damu polepole huwa amezoea, hasemi anaumwa. Mganga atatazama viganja na kope, atapima damu. Kwa umri wa miaka 12 hadi 14, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Atapima malaria, na choo kwa ajili ya safura. Kwa kichocho, wa vijiji vya kando ya ziwa upande wa Geita apimwe choo hasa, maana huko kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Wa bara huku Shinyanga, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, apimwe na mkojo. Naye aulizwe, bila ukali, anashinda wapi Jumamosi na Jumapili, maana mwili uliobeba mawe siku mbili haukimbii Jumatatu.

Jedwali lenyewe libaki kwa mwalimu, likiwa na namba za watoto bila majina, na orodha ya majina ifungiwe kando. Kubandika ukutani orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho kwa mbio mimi nakupinga. Mtoto wa 4 mwenye mita 1450 angekuwa karibu na mkia na kuchekwa, ingawa amepanda. Na wa 5, ambaye ndiye wa kuhangaikiwa, angesimama pamoja na wa pili wakigawana nafasi ya juu, na hakuna mzazi ambaye angemuuliza kitu.