Mlima Haukuwa Zawadi

Tuachane na hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro. Ni tamu, lakini inageuza unyang'anyi kuwa mapenzi ya bibi. Isitoshe, mpaka ulipokubaliwa mwaka 1886, Wilhelm hakuwa hata kaizari, alitawazwa 1888.

Mpaka ule ulipinda kwa sababu ya makaratasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia mkataba Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke akapata wake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Basi serikali zao zikakubaliana: mstari uanzie mlango wa mto Umba, uzunguke mlima kwa kaskazini, ufike Ziwa Viktoria. Taveta ikabaki kwa Mwingereza, mlima ukaenda kwa Mjerumani.

Msiniambie Wamaasai walisahauliwa kwa bahati mbaya. Mstari ulikuwa wa kuwazuia Wazungu wawili wasigombane, na malisho ya ng'ombe hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Hata Sultani Barghash wa Unguja, aliyedai bara lile ni lake, alipimiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kisha akaletewa makubaliano yaliyokwisha kuandikwa, ayakubali.