Kodi ya Tano si Kodi Nusu

Miongoni mwa wapigaji gitaa waliolelewa na muziki wa dansi, benga na gitaa kavu, kuna hukumu moja ambayo hutolewa upesi dhidi ya vijana wanaopenda roki. Husemwa kwamba vijana hao hawajui kodi. Kwamba wamejifunza kushika vidole viwili, wakaupandisha na kuushusha mkono juu ya shingo ya gitaa, basi wakadhani wamehitimu. Mshiko huo, ambao wenyewe huuita pawa kodi, huitwa na wakosoaji wao kodi nusu. Makala hii inashikilia kwamba jina hilo limekosewa, na kwamba kosa lenyewe si la lugha tu bali ni la kutosikiliza.

Mkosoaji, hata hivyo, ana haki ya kusikilizwa kwanza. Tuchukue mfano wa Ronge, katika vilima vya Taita, kaunti ileile aliyotoka Fadhili William, mwimbaji aliyeurekodi wimbo wa “Malaika”. Mzee wa huko aliyezoea kuusindikiza wimbo huo kwa gitaa lisilo na umeme anahitaji kodi tatu tu: kwa ufunguo wa G, ni G, C na D. Kila moja ina noti tatu. Kodi ya G ina G yenyewe, ambayo ndiyo msingi, kisha B, ambayo ni noti ya tatu katika ngazi ya G, kisha D, ambayo ni ya tano. Ile B ndiyo inayoipa kodi tabia. Ikishushwa nusu toni, kodi ya meja inageuka kuwa ya maina na uso wa wimbo unabadilika. Sasa kijana wa jirani anaupiga wimbo uleule kwa kodi zisizo na noti ya tatu, kwenye gitaa hilohilo lisilo na umeme. Mzee akisema, “Mwanangu, mbona umepika wali bila nazi?” atakuwa amesema kweli. Utamu wa usindikizaji huo umo katika noti ya tatu, nayo imeondolewa.

Lakini roki haikuzaliwa katika gitaa kavu. Imejengwa juu ya gitaa la umeme ambalo kikuza sauti chake kimezidiwa kwa makusudi. Kikuza sauti kikipewa nguvu kuliko kinavyoweza kubeba, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na sauti hutoka ikiwa na mkwaruzo. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks, huko Uingereza, aliichana kwa wembe karatasi ya spika yake ili aupate mkwaruzo huo, na wimbo uliotokana na kitendo hicho, “You Really Got Me”, umejengwa juu ya kodi hizi za noti mbili. Mambo hayo mawili, mkwaruzo na kodi ya noti mbili, hayakukutana kwa bahati.

Kila uzi unapopigwa hautoi sauti moja. Juu ya sauti kuu hupanda sauti-tanzu ndogondogo, zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza, na kuendelea. Katika gitaa kavu sauti-tanzu za juu ni hafifu na sikio huzisamehe. Mkwaruzo hausamehi, huzikuza sauti hizo hadi zikaribie kulingana na sauti kuu. Noti ya G kwenye uzi mnene, katika freti ya tatu, hutetema mara 98 kwa sekunde, na B iliyo juu yake hutetema takriban mara 123.5. Sauti-tanzu ya tano ya G ni 490. Ya nne ya B ni karibu 494. Hizo mbili zilipaswa kuwa sauti moja, lakini kwa jinsi gitaa linavyolinganishwa siku hizi zimepishana, na mpishano huo husikika kama mpwito wa mara nne kila sekunde. Katika gitaa la umeme lililozidiwa, mpwito huo hugeuka kuwa vurugu, na kodi kamili ya meja iliyopigwa chini kwenye nyuzi nene husikika kama tope.

Noti ya tano ina tabia nyingine. D iliyo juu ya G ile hutetema karibu mara 147, yaani tatu kwa mbili. Sauti-tanzu ya tatu ya G ni 294. Ya pili ya D haipungui hapo hata nusu ya mtetemo, na mpwito wake hutokea mara moja tu kwa sekunde tatu hivi. Hakuna ugomvi.

Lipo jambo jingine ambalo huenda likamshangaza mkosoaji. Mkwaruzo huzalisha pia sauti mpya ambazo hakuna kidole kilichozishika: tofauti ya noti mbili, na jumla yake. Ukitoa 98 katika 147 unapata 49, ambayo ni G nyingine, chini ya uzi mnene kabisa wa gitaa. Ndiyo maana vidole viwili vinasikika kama jengo zima. Ukijumlisha unapata 245, nayo inakaribia sana B, ile noti ya tatu iliyodaiwa kuwa imetupwa. Imerudi yenyewe, kwa upole, mahali pa juu pasipo na fujo. Kodi hii, basi, ni nusu machoni pa anayetazama vidole.

Namna ya kuiunda ni rahisi kueleza kuliko kutekeleza. Kidole cha shahada hushika freti ya tatu ya uzi wa sita, ambao ndio mnene zaidi; hapo ni G. Kidole cha pete hushika freti ya tano ya uzi wa tano; hapo ni D. Anayetaka unene zaidi huongeza kidole kidogo kwenye freti ya tano ya uzi wa nne, akapata G ya juu. Umbo hilo likisogezwa freti mbili mbele linakuwa A, na halibadiliki popote liendapo, maadamu msingi wake uko kwenye uzi wa sita au wa tano. Msingi ukihamia uzi wa nne, G ile ya juu, ambayo sasa huangukia uzi wa pili, itabidi isogee freti moja zaidi, kwa sababu uzi wa tatu na wa pili haziachani kwa kiasi kile cha nyuzi nyingine.

Kosa la wanafunzi wengi haliko kwenye vidole vinavyobonyeza bali kwenye nyuzi zinazoachwa huru. Kidole cha shahada hakina budi kulala kidogo, kiziguse nyuzi nyembamba bila kuzibonyeza, ili zinyamaze. Vinginevyo mkwaruzo utazipaza nazo. Mtu hujipima kwa kupiga uzi mmojammoja: zilizoshikwa ziimbe, zilizobaki zitoe mlio mkavu wa kubisha hodi.

Wapo watakaosema kwamba nadharia ya muziki hudai noti tatu ndipo iwe kodi, na kwamba G na D ni masafa tu baina ya noti mbili. Katika daftari, hoja hiyo inasimama. Ndiyo sababu jina “kodi ya tano” lingefaa kuliko “pawa kodi”, kwa kuwa linataja kilichomo, na kuliko “kodi nusu”, kwa kuwa halimtukani mtu. Wapigaji wenyewe huiandika G5, na tarakimu hiyo inasema jambo lilelile.

Kijana wa Ronge naye asidhani ameshinda kesi. Akizima mkwaruzo ili aupige “Malaika”, itamlazimu aulaze mkono wote kwenye freti ya tatu, kisha akiweke kidole cha kati kwenye freti ya nne ya uzi wa tatu. Hapo ndipo ilipo B, na mzee ataisikia kabla kijana hajamaliza kushuka nyuzi.