Wiki mbili za sitolojia: meiosisi itangulie darubini

Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ukikaribia, mwanafunzi wa PCB aliyefeli sitolojia kwenye mtihani wa majaribio hupewa ushauri uleule na kaka zake, na walimu wa tuisheni, na hata na jirani aliyewahi kusoma sayansi. Nia yao ni njema. Lakini kwa mtu aliyebakiwa na siku 14, sehemu kubwa ya ushauri huo inamlia muda. Nitazijibu hoja zao moja moja.

Ya kwanza ndiyo iliyoota mizizi: "Aanze na mada nyepesi ili apate moyo." Tatizo ni kwamba mada nyepesi za sitolojia haziishi. Sehemu za darubini, historia ya nadharia ya seli, jedwali la oganeli na kazi zake: mtu anaweza kuchora na kupaka rangi siku tano nzima akaridhika kwamba anasoma. Meiosisi inaangukia siku ya 12, anaipitia mara moja, basi. Na mada ngumu haishiki kwa kikao kimoja. Lazima uisome, uiache ianze kupotea, halafu uilazimishe irudi. Ukiisoma siku ya kwanza hadi ya tatu, unaweza kujipima siku ya 6, ya 9 na ya 13. Ukiisoma siku ya 12, nafasi hizo hazipo. Jedwali la oganeli, kwa upande mwingine, halidai marudio yote hayo. Hata likisomwa siku ya 11 litafika salama kwenye mtihani.

Wengine wanakubali ngumu itangulie, ila wanasema ngumu inajulikana: ni respiresheni ya seli, kwa kuwa ndiyo ndefu. Hapo wanachanganya urefu na ugumu. Kabla ya siku ya kwanza, mwanafunzi afanye pastipepa moja bila kufungua daftari, kisha aangalie alipopoteza alama na kwa nini. Kwenye respiresheni wengi hupoteza kwa kusahau majina na mahali: glikolisisi iko kwenye saitoplazimu, mzunguko wa Krebs uko ndani ya mitokondria. Pengo la namna hiyo hujazwa. Kwenye meiosisi, mwanafunzi huwa na picha kamili kichwani, ila picha yenyewe si sahihi. Hiyo ni kazi zaidi, maana lazima uing'oe kwanza ndipo upande nyingine.

Kwa mwanafunzi wa aina hiyo ningegawa hivi: siku tatu za mgawanyiko wa seli, tatu za respiresheni, mbili za usanisi wa protini, mbili za upitaji wa vitu kwenye utando wa seli, moja ya enzaimu, moja ya oganeli na darubini kwa pamoja, na mbili za mwisho ni pastipepa tupu. Pastipepa yako ikionyesha mpangilio mwingine, fuata pastipepa.

"Lakini huwezi kujenga bila msingi!" Kweli, na hoja hii naikubali nusu. Asubuhi ya siku ya kwanza mwanafunzi achore seli bila kutazama: kiini, utando, ribosomu, na mitokondria yenye tando zake mbili. Nusu siku yatosha. Msingi unaohitajika ni huo tu, si sura yote ya oganeli.

Hoja ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni kwamba meiosisi ni suala la kukariri majina ya hatua. Nimeona wanaoyataja yote kwa mpangilio, kuanzia profesi ya kwanza hadi telofesi ya pili, halafu wakiulizwa seli ina kromosomu ngapi katikati ya safari wanakisia. Dawa yake ni karatasi na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu. Chora seli yenye kromosomu 4: ndefu mbili na fupi mbili. Katika kila jozi, nyekundu imetoka kwa baba, ya bluu kwa mama. Sasa DNA inanakiliwa. Kila kromosomu inakuwa na kromatidi mbili za rangi moja zilizoshikana kwenye sentromia. Je, kromosomu zimekuwa 8? Hapana. Bado ni 4; zilizofika 8 ni kromatidi. Kanuni ni moja: hesabu sentromia, ndiyo idadi ya kromosomu.

Katika mgawanyiko wa kwanza, nyekundu ndefu inajipanga pembeni ya bluu ndefu, zinabadilishana vipande, kisha zinaachana, kila moja ikiondoka na kromatidi zake zote mbili. Kila seli mpya ina kromosomu 2 na kromatidi 4. Idadi imepungua nusu hapa, si kwenye mgawanyiko wa pili kama wengi wanavyoandika. Katika mgawanyiko wa pili kromatidi ndizo zinazoachana, na mwisho unapata seli nne, kila moja ikiwa na kromosomu 2. Kwa hiyo idadi ya kromosomu hupungua nusu mara moja, lakini kiasi cha DNA hupungua nusu mara mbili, kwa kuwa kilikuwa kimeongezwa maradufu mwanzoni. Kwa binadamu ni hesabu ileile: 46, kisha 23 zenye kromatidi 46, kisha 23 za kromatidi mojamoja.

Kosa utaliona kwenye mchoro. Kabla ya kubadilishana vipande, ukikuta nyekundu na bluu zimefungwa kwenye sentromia moja, mwanafunzi amechanganya jozi na kromatidi. Arudi mwanzo na karatasi mpya. Kufuta na kurekebisha huiacha picha ya zamani mahali pake.

Kuhusu "asome noti tena na tena", Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio yenye jibu la kushangaza kidogo. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana kurudia noti kunadanganya: usiku huohuo mtu anajiona ameiva. Katika mpango huu, kurudia maana yake ni karatasi tupu. Kwa respiresheni, kwa mfano, aandike glukosi moja inatoa nini kila hatua, hadi afikie NADH 10, FADH2 2 na ATP 4 za moja kwa moja. Ndipo afungue kitabu. Jumla ya ATP isimtie wasiwasi: vitabu vya zamani hufikia 38, vipya huandika 30 au 32, kwa sababu thamani ya kila NADH imekadiriwa upya. Ashike ile ya kitabu anachofundishiwa na aonyeshe hesabu yake.

Kuna pia wanaosema asiondoke kwenye mada ngumu mpaka aielewe. Hapana. Siku tatu zikiisha aondoke hata kama kuna kiza, aandike swali lililomshinda ukurasa wa mwisho wa daftari, alirudie siku ya marudio. Mara nyingi siku ya 6 swali hilo linafunguka lenyewe. Lisipofunguka, ampelekee mwalimu swali moja mahsusi badala ya kumwambia "meiosisi sielewi".

Na kama ugonjwa au shughuli za nyumbani zikimnyang'anya siku moja, aikate kwenye enzaimu au oganeli. Siku za marudio zisiguswe.