Ukituma picha ya anga, tuma na maneno

Unaijua ile picha. Saa mbili usiku simu inalia, unafungua WhatsApp, unakuta weusi mtupu na nukta moja nyeupe. Hakuna salamu wala swali. Basi kila mtu kwenye kundi anajifanya mtaalamu: huyu anasema ni setilaiti, yule droni, mwingine anacheka tu.

Mimi pia nimewahi kujifanya mtaalamu. Januari 2025 binamu yangu wa Kitui alinitumia picha kama hiyo. Nikamjibu haraka, "Ni ndege hiyo, buda," nikaendelea na shughuli zangu. Ninaishi Embakasi, na huku ndege ikija kutua JKIA inakuelekezea taa zake usoni. Kwa dakika kadhaa utadhani taa imesimama palepale angani. Kwa hivyo nilimjibu kwa kutumia anga ya kwetu, ilhali yeye alikuwa akitazama ya kwao.

Baada ya dakika arobaini akaandika: "Mbona ndege yako haijatua?" Hapo ndipo nikaona aibu, nikaanza kumuuliza maswali ambayo ningemuuliza mwanzo. Umeelekea wapi? Magharibi, jua lilikozama. Uliiona saa ngapi? Saa mbili kamili. Imesonga? Imeshuka kidogo tu. Inameremeta? Hapana, imetulia.

Nikamwambia anyooshe mkono na kukunja ngumi. Ngumi hiyo huziba takriban digrii 10 za anga. Akasema ile taa imeshuka kama ngumi moja tangu aione. Sasa piga hesabu. Dunia ikizunguka, anga huonekana kusonga digrii 15 kwa saa, yaani digrii 10 kwa dakika arobaini. Kitu hicho kilikuwa kikizama pamoja na nyota, kwa mwendo uleule. Ndege haiwezi kufanya hivyo. Setilaiti nayo, kama kile kituo cha anga za juu cha ISS, hukatiza anga kwa dakika chache tu kisha inapotea, mara nyingine katikati ya anga inapoingia kwenye kivuli cha dunia.

Ilibaki nyota au sayari. Nyota ni nukta ndogo mno kwa macho yetu, ndiyo maana hewa huitikisa nuru yake ikameremeta. Sayari iko karibu zaidi, nuru yake hutulia, ingawa ikikaribia upeo wa macho nayo huweza kumeremeta. Taa tulivu, kali kuliko nyota yoyote, upande wa magharibi baada ya jua kuzama: hapo nilishuku Zuhura. Lakini Mshtarii nayo hung'aa sana, kwa hivyo sikubahatisha tena. Nilifungua programu ya Stellarium, nikaweka Kitui, tarehe na saa. Zuhura ilikuwa palepale aliponielekeza, na ilikuwa itue kabla ya saa nne usiku. Kesho yake saa mbili akatazama tena, akaikuta karibu mahali palepale.

Hebu niambie, ni kipi kati ya hayo yote kingesomeka kwenye ile picha? Hakuna. Nukta nyeupe ni nukta nyeupe tu. Na usidhani simu itakusemea: WhatsApp huondoa taarifa za mahali na saa ya kupiga picha, na tarehe iliyo kwenye jina la faili huenda ikawa ya siku ulipoipokea.

Sisemi picha haina kazi. Ukiwasha hali ya usiku na kuegemeza simu ukutani, simu hukusanya nuru kwa sekunde kadhaa. Nyota na sayari zitabaki nukta. Setilaiti itachora mstari laini usiokatika. Ndege itaacha mstari wenye vitone, kwa sababu ya taa zake za kumweka. Ila kama kuna taa ya barabarani kwenye picha, jihadhari: nukta iliyo upande wa pili wa picha, mkabala na taa hiyo, huenda ni mwako wa ndani ya lenzi. Kama macho yako hayakuiona angani, huenda haikuwepo.

Kwa hivyo ukituma, andika mambo manne: uko wapi, saa ngapi, umeelekea upande gani, na ilifanya nini kwa dakika tano. Nawe unayepokea, usiwe kama mimi. Uliza kwanza. Binamu yangu angekuwa mpole kidogo angeamini ile ndege yangu, akaingia ndani kulala.